Ukuta Unaobeba na Ukuta Unaositiri

Nyumba za mawe za Mji Mkongwe wa Zanzibar zina madirisha membamba yaliyopangwa wima, moja juu ya jingine, na vyumba vya nyumba za Lamu ni virefu kama ujia. Maghorofa mapya ya Kariakoo, kwa upande mwingine, yana maduka yaliyo wazi chini na vioo vinavyotanda kutoka nguzo hadi nguzo juu. Wengi huona hapo tofauti ya zama na mapendeleo tu. Zama zina sehemu yake, lakini upana wa dirisha na mpangilio wa vyumba huamuliwa kwanza na jambo lisiloonekana baada ya plasta kupigwa, nalo ni njia ambayo uzito wa jengo hushukia ardhini.

Katika jengo la kuta za kubeba, uzito wa paa na sakafu hukaa juu ya ukuta wenyewe, na kila mita ya ukuta huo ina kazi. Katika jengo la fremu, sakafu hulala juu ya mihimili ya zege au chuma, mihimili huzikabidhi nguzo mzigo, nazo nguzo huufikisha kwenye msingi. Tofali zinazojazwa kati ya nguzo hazibebi chochote zaidi ya uzito wake. Kazi yake ni kusitiri, kuzuia mvua, jua na mwizi. Kwa hiyo kutoboa dirisha kwenye ukuta wa kwanza ni kupunguza kile kinachoshikilia nyumba, na kwenye ukuta wa pili ni kuondoa kizuizi tu.

Nyumba za kale za Lamu zinaonyesha jinsi sharti hili lilivyochonga maisha ya ndani. Kuta ni za mawe ya matumbawe na chokaa, unene wake nusu mita hivi, na sakafu zilibebwa na boriti za mikoko zilizolazwa kutoka ukuta hadi ukuta. Boriti ya mkoko haivuki nafasi kubwa bila kupinda, hivyo upana wa chumba ulibaki kati ya mita 2.5 na 3, hata kwa tajiri. Aliyetaka nafasi zaidi aliongeza urefu, au alijenga ukuta mwingine sambamba na kupata chumba kingine nyuma ya kile cha kwanza. Ndivyo vyumba hivyo virefu, yaani misana, vilivyopangwa kwa safu, na mwanga ukaingia kutoka uani, kwa kuwa mwenye nyumba alitaka faragha na ukuta wa barabarani haukutaka kutobolewa ovyo. Ghorofa ya juu nayo ililazimika kuufuata mpango wa chini, kwa sababu ukuta mzito wa mawe hauwezi kusimama katikati ya boriti.

Mtu anaweza kupinga kwa kusema kwamba majengo ya mawe yenye madirisha makubwa yapo, na ni kweli. Lakini tazama umbo la madirisha hayo: ukubwa wake mara nyingi uko kwenye kimo. Dirisha likirefushwa kwenda juu, vipande vya ukuta vilivyo kulia na kushoto kwake hubaki na upana uleule, na mzigo hushuka kama ulivyokuwa ukishuka. Likipanuliwa, vipande hivyo hupungua na kitu kilicho juu yake, yaani lenta au tao, hulazimika kuvuka pengo refu zaidi. Ndiyo sababu madirisha ya Mji Mkongwe yamepangwa kwa mstari wima: nguzo za mawe zilizo kati yake zinaendelea bila kukatika toka juu hadi msingini.

Tuchukue mfano wa siku hizi. Nyumba ya ghorofa moja imejengwa kwa tofali za saruji zinazobeba, na ukuta wa nje wa chini una urefu wa mita 6. Ukijumlisha sehemu yake ya sakafu ya zege, ukuta wa ghorofani na paa la bati, makadirio ya kilo 2,500 kwa kila mita si ya kupindukia, na jumla yake ni kilo 15,000. Dirisha la mita 1.2 linabakiza mita 4.8 za ukuta, na kila mita sasa inabeba kilo 3,125 hivi. Mwenye nyumba akitaka dirisha la mita 3, ukuta unaobaki ni mita 3, na kila mita inabeba kilo 5,000, mara mbili ya ule mzigo wa mwanzo. Lenta nayo hupata shida kubwa zaidi, kwa kuwa nguvu inayoipinda huongezeka kwa mraba wa urefu wake. Pengo limekuwa refu mara mbili na nusu, lakini nguvu ya kuipinda imeongezeka zaidi ya mara sita. Ikiachwa lenta ileile, dalili hujitokeza: nyufa za mshazari kutoka pembe za dirisha, na fremu ya dirisha inayoanza kubana.

Chicago ina jengo linalouonyesha upande mwingine wa gharama hii. Nusu ya kaskazini ya jengo la Monadnock, iliyokamilika mwaka 1891, ina ghorofa 16 zinazobebwa na kuta za nje za matofali, na chini kabisa unene wa kuta hizo ni karibu mita 1.8. Nafasi yote hiyo imeliwa na ukuta, na madirisha ya chini yamezama ndani ya mashimo. Nusu ya kusini iliongezwa mwaka 1893, na kwa sehemu kubwa ilitumia fremu ya chuma. Tofali hazikuishiwa nguvu. Jengo refu la kuta za kubeba liliwezekana, ila kila ghorofa iliyoongezwa juu ilidai nafasi na mwanga wa ghorofa za chini.

Pingamizi la pili husikika zaidi kwetu: “Nyumba yangu ina nguzo za nondo kwenye kona, kwa hiyo ni ya fremu, naweza kuvunja ukuta nitakako.” Hapa ndipo hatari ilipo. Nyumba zetu nyingi ni mchanganyiko, na kuwepo kwa nguzo hakuthibitishi kwamba ndizo zinazobeba. Uliza ujenzi ulikwenda kwa mpangilio gani. Kama nguzo, mihimili na sakafu vilimwagwa kwanza na tofali zikajazwa baadaye, kuna uwezekano mkubwa kwamba ni fremu. Kama tofali zilipandishwa kwanza, kisha mkanda wa zege na sakafu vikamwagwa juu yake, ukuta unabeba hata kama kona zina nondo. Kuta za juu zikiwa zimeketi sawasawa juu ya kuta za chini, hiyo ni dalili nyingine, ingawa peke yake haitoshi.

Fremu nayo haitoi uhuru usio na mipaka. Nguzo zikitenganishwa kupita kiasi, mihimili huwa minene na nondo huongezeka. Na nguzo ya chini ikiondolewa ili duka lipate upana, mzigo wa ghorofa zote zilizo juu yake hupoteza njia. Kioo kikubwa kinachotazama magharibi kitaleta joto ambalo ukuta mnene wa matumbawe ulilizuia. Na ukuta wa kubeba haukupitwa na wakati: kwa nyumba ya chini au ya ghorofa moja yenye vyumba vya kadiri, huokoa zege na chuma.

Anayetaka dirisha la mita 3 kwenye ukuta wa kubeba anaweza kulipata, lakini ajue anachonunua. Kwanza sakafu ya juu itegemezwe, kisha uwekwe mhimili mpya unaotosha kubeba kilo 7,500 za mfano wetu, na kila upande upewe nguzo yenye kitako chake msingini, kwa sababu kila nguzo itateremsha kilo 3,750 mahali pamoja. Hesabu hiyo ni ya mhandisi, na wakati wake ni kabla fundi hajashika nyundo. Kama bado hujachimba msingi, amua sasa madirisha yako yawe mapana kiasi gani, ndipo uchague kati ya ukuta na fremu.