Kusoma Picha ya Onyo la Makro

Mwanachuo anapoonyeshwa picha ya skrini, yafaa aulizwe kwanza: ni nani asemaye hapa? Tuchukue faili `Matokeo.xlsm`, lililopokelewa kwa barua pepe na kufunguliwa katika Excel. Juu ya lahajedwali pana upau wa manjano wenye maneno `SECURITY WARNING Macros have been disabled.` na kitufe `Enable Content`. Chini yake, mahali pa seli, pana tangazo: “Hati hii imelindwa. Bofya `Enable Content` uisome.”

Mwanafunzi huweza kuyasoma hayo mawili kama sauti moja. Sivyo. Upau ni kauli ya programu, nayo yaeleza tu kwamba makro, yaani amri zilizoandikwa ndani ya faili, zimezuiwa. Tangazo ni kauli ya aliyelitunga faili. Orodha ya alama husomeka bila makro. Basi dai hilo ni dalili ya hila. Kubofya kitufe huziruhusu amri zitende kazi, hata kuingiza programu haribifu.

Mwalimu alifunike tangazo kwa karatasi, kisha aulize: ni nini sasa kinachotuhimiza kubofya? Wataona kuwa hakuna.

Tangu mwaka 2022, Excel katika Windows ilianza kuonyesha upau mwekundu `SECURITY RISK`, usio na kitufe hicho, kwa faili zenye alama ya kutoka mtandaoni. Alama hiyo ikipotea, upau wa manjano hurudi. Kwa hiyo swali la kwanza halina budi kubaki. Mwenye shaka ampigie simu aliyetajwa kuwa mtumaji, asiijibu barua ileile.