Zabuni ya Watatu, Deni la Kila Mmoja

Halmashauri ikitangaza zabuni ya bweni la shule, kampuni ndogo ya umeme haiwezi kuiomba peke yake, na mjenzi naye hana watu wa mabomba. Njia yao ni ubia. Wanamteua mmoja awe kiongozi, wanampa hati ya uwakilishi, kisha makubaliano yao yanaambatana na maombi ya zabuni.

Tuseme kazi ni ya shilingi milioni 600: ujenzi 360, maji 150, umeme 90. Kwa asilimia ni 60, 25 na 15. Wengi huandika asilimia hizo tu, wakapeana mikono, wakaona wamemaliza.

Malipo ya kwanza yanafika, milioni 120, ya msingi na kuta. Wakigawana kwa asilimia, mjenzi anapata milioni 72, ilhali saruji, nondo na vibarua vyote ametoa yeye. Wa maji anachukua 30 na wa umeme 18, na hawajafunga hata bomba wala waya. Mjenzi anakwama kabla ya paa. Zamu ya mabomba ikifika, zile milioni 30 zimeshaishia kwenye kazi nyingine. Afadhali makubaliano yaseme kwamba kila malipo yatagawanywa kwa kazi iliyopimwa na kuidhinishwa, na kwamba fedha ziingie akaunti ya ubia yenye watia saini wawili. Zikiingia akaunti ya kiongozi, zitachanganyika na madeni yake.

Kwa kawaida mkataba na halmashauri huwabana wabia kwa pamoja na kila mmoja peke yake. Maana yake, wa maji akitoweka, halmashauri inaweza kumdai wa umeme hasara yote, ingawa fungu lake lilikuwa asilimia 15. Mgawanyo wao wa ndani hauihusu. Makubaliano yao yanaweza tu kumpa aliyelipa haki ya kumdai aliyesababisha hasara, na kumdai aliyefilisika ni kazi bure. Kwa hiyo waandike mapema: mbia asiyefika kazini siku 14 baada ya kupewa notisi, wenzake watachukua kazi yake pamoja na fedha zake zilizobaki, kwa ridhaa ya halmashauri.

Kuna pia dhamana ya utekelezaji. Ikiwa ni asilimia 10, benki itatoa hati ya milioni 60, nayo itataka rehani. Mara nyingi ni nyumba ya kiongozi. Si haki iwe yake peke yake. Kila mbia aweke rehani kwa kiasi cha fungu lake.

Kama huwezi kulipia kosa la mwenzako, usisaini ubia. Omba kazi kama mkandarasi msaidizi: faida inaweza kuwa ndogo, lakini utawajibika kwa mkandarasi mkuu, na kwa sehemu yako tu.