Moto Unawaka: Mpokea Simu Aambiwe Nini?

Fikirini usiku wa kiangazi mjini Baraka. Paa la nyasi limeshika moto, na kijana mmoja anapiga simu huku akihema: “Njooni upesi! Ni hapa kwa Baba Neema, karibu na mwembe!” Kisha anakata. Yeye aliyepokea, awe askari wa polisi wa kwetu au mlinzi wa namba 114 ya zimamoto huko ng'ambo, Tanzania, hana la kufanya. Miembe ni mingi, na Baba Neema hamjui.

Mahali pasipo na majina ya njia wala namba za nyumba, mahali hutajwa kwanza, ndipo moto. Maana simu ikikatika, angalau wajue pa kuelekea. Tena useme “Baraka mjini”, usiseme “Fizi” tu. Fizi ni jina la wilaya nzima, na pia ni jina la mji ulioko milimani. Ukisema “moto uko Fizi”, gari laweza kupandishwa mlimani bure, nawe unaungua pwani.

Halafu shika barabara kuu itokayo Uvira kwenda Fizi. Usiseme “kulia” wala “kushoto”, kwa sababu atokaye Uvira huwa na ziwa kushoto, naye ashukaye kutoka Fizi huwa nalo kulia. Sema “upande wa ziwa” au “upande wa mlima”; hizo hazigeuki. Lakini mkiisha kuingia kichochoro kishukacho ziwani, maneno hayo hayafai tena. Hapo useme “upande wa Uvira” au “upande wa Fizi”.

Basi kijana yule angalisema hivi: “Moto uko Baraka mjini, barabara kuu. Ukitoka Uvira, pita soko, utaona kanisa upande wa ziwa. Ingia njia ya kwanza baada ya kanisa. Nyumba ni ya tano, upande wa Uvira. Kaka yangu anasimama njia panda na tochi. Inaungua nyumba ya nyasi, watoto wawili wamo ndani, na chumba cha mbele kina madumu ya petroli. Gari halipiti mwisho wa njia.”

Neno la petroli lisisahauliwe, kwani maji yakimwagwa juu yake, petroli huelea juu ya maji na kuutawanya moto. Alama nayo iwe kitu ambacho mgeni atakiona gizani: mnara wa simu, kanisa, msikiti, si kibanda kilichobomolewa mwaka jana.

Mwenye simu ionyeshayo mahali aweza kusoma namba zake pia. Za Baraka huanza na -4 kisha 29. Alama ile ya kutoa isiachwe: ni ya kusini mwa ikweta. Ikiachwa, moto huhamia pande za Mbuga ya Garamba, kaskazini kabisa mwa Kongo. Tarakimu nne baada ya nukta zatosha kufikisha mtu karibu na mlango. Mbili tu humwacha ndani ya eneo la kilomita moja hivi.

Usikate simu mpaka mpokeaji ameyarudia maneno yako yote, na umsikilize hasa anapotaja upande.