CNSS ya kwenye fishi na CNSS ya kwenye vitabu: namna ya kutafuta tofauti

Wandugu, wengi wetu tulisoma kilimo, lakini ukifika kwenye shamba unapewa pia karatasi za mishahara uzihakikishe. Na siku moja unaona makato ya kwenye fishi na yale ya kwenye vitabu hayalingani. Tuchukue mfano wa kampuni ndogo ya kahawa upande wa Kalehe, yenye wafanyakazi 8. Namba ni za mfano, lakini njia ni ile ile kila mahali kwetu.

Ukijumlisha fishi zote 8 za mwezi wa tatu, mishahara mizima kabla ya makato inatoa 4.000.000 FC, na makato ya CNSS 200.000 FC. Kwenye vitabu, konti 431 inaonyesha 702.000 FC. Mtu akiona hivi anashtuka bure. Fishi inamkata mfanyakazi sehemu yake tu, asilimia 5. Konti 431 inapokea ile 5 pamoja na 13 za mwajiri, njo 18 kwa jumla. Kwa hiyo 431 ilipaswa kuwa na 720.000. Tofauti ya kweli ni 18.000 tu. (Angalia yaliyoingia kwenye kredi mwezi huo peke yake, si baki la konti, juu baki linachanganya na malipo ya mwezi wa pili.)

Sasa gawanya tofauti kwa kiwango chake. Sehemu ya wafanyakazi imepungua 5.000, gawa kwa 0,05, unapata 100.000. Sehemu ya mwajiri imepungua 13.000, gawa kwa 0,13, unapata tena 100.000. Pande mbili zikitoa namba moja, ujue kuna mshahara wa 100.000 uliopo kwenye fishi na haumo kwenye vitabu. Kama upande mmoja tu ndio ungepungua, ungetafuta kosa la hesabu au la kiwango, si pesa iliyosahaulika.

Ndiyo maana naanza kila mara na CNSS, siyo IPR. CNSS ni kiwango kimoja kwa wote. IPR inapanda kwa ngazi, tena inapunguzwa asilimia 2 kwa kila mtu ambaye mfanyakazi anamtunza, hivi ukigawanya tofauti yake haikuambii kitu.

Baada ya hapo fungua konti 422, ile ya mishahara inayodaiwa. Mshahara mzima unaingia kwenye kredi. Makato na pesa iliyolipwa vinaingia kwenye debi. Mwezi ukiisha na watu wote wamelipwa, inapaswa kubaki sifuri. Hapa imebaki debi ya 80.750. Namba hiyo inasema mengi: toa CNSS 5.000 kwenye 100.000, inabaki 95.000, toa IPR ya asilimia 15, njo 14.250, inabaki 80.750 kamili. Basi ni mtu mmoja, yuko kwenye ngazi ya 15, na hana mtu wa kutunza kwenye dosye yake. Kati ya wale 8, ni dereva wa trakta peke yake. Ukitafuta fishi yake unakuta primu ya mavuno ya 100.000: fishi ilichapwa upya kisha benki ikalipa, lakini kitabu cha mishahara kilikuwa kimekwisha kuandikwa.

Hapa si karatasi tu. Dereva ameonyeshwa kwamba amekatwa, na CNSS haitapokea ile pesa kwa jina lake. Siku ya pensheni njo atajua.

Kusahihisha ni hivi: debi 661 kwa 100.000, kredi 422. Kisha debi 422 kwa 19.250, kredi 431 kwa 5.000 na 447 kwa 14.250. Mwisho debi 664 kwa 13.000, kredi 431, ile sehemu ya mwajiri ambayo watu wanasahau sana. Konti 422 inarudi sifuri. Fanya hivyo kabla ya tarehe 15 ya mwezi unaofuata, siku ya mwisho ya kutangaza IPR.

Kuna hali nyingine inayofanana na hii. Mishahara mizima inalingana pande zote, 422 iko sifuri, lakini 431 imezidi, na iliyozidi ni sehemu ya mwajiri peke yake. Mara nyingi mhasibu amepiga asilimia 13 hata juu ya pesa ya usafiri au ya nyumba, wakati Kanuni ya Kazi haizihesabu kuwa mshahara. Hapo fishi njo iko sawa, na vitabu ndivyo vya kurekebisha.

Na hata jumla zikilingana, pita jina kwa jina. Makato ya Mama wa jikoni yakiandikwa kwa mlinzi, jumla haitacheza hata franki moja, na konti hazitakuonyesha kitu.