Mfuko Unaopunguza Hisa Soko Linapochafuka

Jumatatu ya Machi 16, 2020, biashara katika Soko la Hisa la New York ilisimamishwa kwa dakika 15 mara tu baada ya kufunguliwa, kwa sababu bei zilikuwa zimeanguka kwa zaidi ya asilimia 7. Iliporejea, bei zikazidi kuporomoka. Hadi jioni, fahirisi ya S&P 500, inayopima hisa za kampuni kubwa zipatazo 500 za Marekani, ilikuwa imepoteza asilimia 12 kwa siku moja. Anguko kubwa namna hiyo halikuwa limeonekana tangu Oktoba 1987.

Mfuko uliokuwa ukifuata kanuni ya kulenga kiwango cha kuyumba ungepoteza siku hiyo takriban asilimia 2 tu. Kanuni hiyo haitabiri bei zitaelekea wapi. Ingemnusuru meneja kwa sababu, kufikia asubuhi ile, ingekuwa imeshamfanya auze sehemu kubwa ya hisa zake.

Wawekezaji wengi huanza kwa kugawa fedha: asilimia 60 hisa, asilimia 40 hati fungani, na mgao huo hukaa hivyo mwaka hadi mwaka. Shida ni kwamba asilimia 60 ya hisa katika mwaka mtulivu si hatari sawa na asilimia 60 hiyohiyo wakati wa taharuki. Kanuni hii huanzia upande wa pili. Mwekezaji huchagua kwanza mtikisiko anaoweza kuuvumilia kwa mwaka, tuseme asilimia 12, na kiasi cha hisa ndicho kinachopanda na kushuka ili mtikisiko ubaki karibu na hapo.

Kupima mtikisiko si kazi ngumu. Mabadiliko ya bei ya kila siku, yawe ya kupanda au kushuka, huzidishwa kwa yenyewe, hutafutiwa wastani, kisha huchukuliwa kipeuo cha pili cha wastani huo. Jibu ni ukubwa wa kawaida wa mwendo wa siku moja. Ili kupata kiwango cha mwaka, jibu hilo huzidishwa kwa karibu 16, ambacho ni kipeuo cha pili cha 252, idadi ya siku za biashara kwa mwaka nchini Marekani. Halizidishwi kwa 252 yenyewe kwa kuwa siku za kupanda na za kushuka hufutana kwa kiasi fulani. Kwa hiyo soko linaloyumba asilimia 1 kwa siku huhesabiwa kuwa linayumba asilimia 16 kwa mwaka.

Baada ya hapo inabaki hesabu ya kugawanya: lengo gawanya kwa kipimo. Kipimo kikiwa asilimia 12, fedha zote huwa kwenye hisa. Kikifika 24, nusu huuzwa na kuwekwa kwenye dhamana za muda mfupi za serikali. Hesabu hurudiwa kila siku au kila wiki.

Kanuni hii inasimama juu ya jambo ambalo mwanahisabati Benoit Mandelbrot alilieleza mwaka 1963: siku za misukosuko huja kwa makundi, na siku tulivu vilevile. Robert Engle alitunga baadaye njia ya kulipima jambo hilo, na mwaka 2003 akapewa Tuzo ya Nobel ya uchumi. Kujua bei za kesho ni vigumu mno, lakini ukali wa wiki hii hueleza mengi kuhusu ukali wa wiki ijayo.

Turudi mwaka 2020 tuone hesabu ikienda. Tuchukue mfuko wenye lengo la asilimia 12, unaotumia kipimo kinachozipa siku za karibuni uzito zaidi: kila siku mpya hupewa asilimia 6 ya uzito, na kipimo cha jana hubeba 94 zilizobaki. Tuseme Ijumaa ya Februari 21 kipimo kilikuwa asilimia 12, hivyo fedha zote zilikuwa kwenye hisa.

Jumatatu iliyofuata S&P 500 ilianguka asilimia 3.4, na mfuko ukapigwa pigo lote. Kufikia Alhamisi jioni, baada ya maanguko mengine mawili makubwa, kipimo kilikuwa kimepanda hadi karibu asilimia 26, na hisa zikapunguzwa hadi asilimia 46 ya mfuko. Machi 11 kipimo kilifika 50, hisa zikabaki asilimia 24. Kesho yake soko lilipoanguka asilimia 9.5, mfuko ulipoteza asilimia 2.3. Jumatatu ya Machi 16 ilikuta hisa zikiwa kama asilimia 17 tu.

Lakini kinga hiyo ina gharama. Machi 24, siku moja baada ya soko kugusa chini, S&P 500 ilipaa kwa asilimia 9.4. Mfuko wetu, uliokuwa na hisa asilimia 15, uliambulia asilimia 1.4. Kipimo hushuka polepole, na bei zilipokuwa zikipanda mfuko ulikuwa bado unasubiri mawimbi yatulie. Fahirisi ilirudi kwenye kilele chake cha awali Agosti mwaka huohuo. Mwekezaji anayetaka faida yote ya ufufuko wa namna hiyo hataridhika na kanuni hii.

Hatari ya pili hujificha ndani ya utulivu. Mwaka 2017 hisa za Marekani ziliyumba kwa karibu asilimia 7 tu. Gawanya 12 kwa 7, utapata 1.7: kanuni inamwambia meneja akope ili ashike hisa za asilimia 170 ya mtaji wake. Februari 5, 2018, S&P 500 ilianguka asilimia 4.1 kwa siku moja. Aliyetii hesabu hiyo bila kikomo angepoteza asilimia 7, zaidi ya yule aliyekaa na hisa zake bila kukopa. Ndiyo maana fahirisi nyingi za aina hii huweka dari, mara nyingi asilimia 150, na baadhi hutumia vipimo viwili, cha muda mfupi na cha muda mrefu, kisha hufuata kilicho kikubwa.

Kwa masoko ya Dar es Salaam na Nairobi kuna tahadhari nyingine. Hisa kadhaa huweza kupitisha siku nyingi bila kuuzwa, na bei yake hubaki palepale. Kipimo huona utulivu, kumbe hakuna biashara, na kanuni huagiza kununua zaidi. Soko likichafuka kweli, wanunuzi wa nusu ya mfuko ndani ya siku nne hawapatikani. Kanuni hii inahitaji soko lenye wanunuzi kila siku, na kwa hisa zisizouzwa mara kwa mara haifai.

Anayeshawishiwa kuweka fedha kwenye mfuko unaodai kudhibiti mtikisiko aulize mambo matatu kabla ya kutia saini: kipimo kinaangalia siku ngapi nyuma, mkopo una dari gani, na je, mtikisiko halisi wa mfuko katika miaka iliyopita ulikaa karibu na lengo. La tatu aliombee takwimu za kila mwezi na azipige hesabu mwenyewe.