Mikataba Saba ya Kuzima Nusu ya Mtikisiko

Tarehe 19 Februari 2020, faharisi ya S&P 500, inayofuatilia bei za hisa za kampuni kubwa zipatazo 500 za Marekani, ilifunga kwenye pointi 3,386. Siku ile hakuna aliyejua kwamba hicho ndicho kilele. Kufikia Machi 23, janga la korona likiwa limetanda, ilikuwa imeporomoka hadi 2,237. Theluthi ya thamani ilikuwa imeyeyuka katika wiki zisizotimia tano.

Chukulia mfuko wa akiba wa kubuni, wenye hisa za Marekani za dola milioni 2, ambao meneja wake alianza kuingiwa na wasiwasi siku ile ya kilele. Hataki kuuza hisa. Akiuza atalipa ada za madalali, huenda na kodi ya faida, na baadhi ya kampuni hizo amezichunguza kwa miaka na bado anaziamini. Anachotaka ni kupunguza nusu ya mtikisiko unaotoka sokoni, basi. Njia iliyo wazi kwake ni kuuza mikataba ya siku za usoni ya faharisi katika soko la CME, mjini Chicago.

Anayeuza mkataba wa namna hiyo hakabidhi hisa yoyote. Faharisi ikishuka analipwa tofauti. Ikipanda, analipa yeye. Mkataba uitwao E-mini huhesabu kila pointi kuwa dola 50. Kwa hiyo bei yake ikiwa 3,380, mkataba mmoja unawakilisha hisa za dola 169,000.

Hapa ndipo wengi hukimbilia kugawanya. Nusu ya dola milioni 2 ni milioni 1. Gawanya kwa 169,000, unapata 5.9, basi uza mikataba sita na ukalale. Hesabu hiyo ingekuwa sawa kama kapu la hisa lingepanda na kushuka sambamba na faharisi. Aghalabu haliendi hivyo.

Kapu lenye hisa nyingi za teknolojia, kwa mfano, huenda likatikisika zaidi ya soko, na lenye hisa za kampuni za umeme na maji likatikisika kidogo. Kipimo cha tabia hiyo huitwa beta. Meneja huchukua mabadiliko ya kila wiki ya kapu lake, tuseme kwa miaka miwili, akayalinganisha na ya faharisi wiki hizo hizo. Ikiwa kwa wastani soko likishuka asilimia 1 kapu lake hushuka asilimia 1.2, beta ni 1.2. Tuseme ndiyo hali ya mfuko wetu. Kukata nusu, basi, ni kuishusha beta kutoka 1.2 hadi 0.6.

Kanuni yenyewe ni fupi:

```
N = (beta ya sasa − beta inayotakiwa) × thamani ya kapu ÷ (bei ya mkataba × kizidisho)
N = (1.2 − 0.6) × 2,000,000 ÷ (3,380 × 50)
N = 1,200,000 ÷ 169,000 = 7.1
```

Jibu ni mikataba saba na ushee. Yule aliyeuza sita angebaki na beta ya karibu 0.7, akidhani amefika nusu. Bei inayoingia kwenye kanuni ni ya mkataba wenyewe, si pointi za faharisi zinazotangazwa kwenye habari. Mbili hizo hukaribiana lakini si kitu kimoja. Na kama jibu lingetoka hasi, maana yake angepaswa kununua mikataba, kwa kuwa beta anayoitaka imezidi aliyonayo.

Hakuna anayeuza sehemu ya kumi ya mkataba, ndiyo maana hapo zamani meneja angekubali saba na kuridhika. Tangu Mei 2019 kuna mkataba mdogo zaidi, Micro E-mini, ambao pointi yake ni dola 5. Saba vikubwa na kimoja kidogo vinatoa 7.1 kamili. Kwa kuwa beta yenyewe ni makadirio, kuhangaikia sehemu hiyo ya kumi ni kujitafutia kazi. Tuendelee na saba.

Soko linaanguka. Tuseme mikataba iliyouzwa kwa 3,380 imefikia 2,237, yaani pointi 1,143 chini. Kila mmoja unaleta dola 57,150, na yote saba inaleta 400,050. Upande wa hisa, soko limeshuka asilimia 33.8, kwa beta ya 1.2 kapu linapoteza takriban asilimia 40.6, ambazo ni kama dola 811,600. Hasara halisi inabaki dola 411,550, chini kidogo ya asilimia 21 ya mfuko. Bila mikataba ingekuwa karibu maradufu.

Karatasi ni mpole kuliko soko, hata hivyo. Mikataba hii ina mwisho wake: ile ya Machi 2020 ilikoma Ijumaa ya tarehe 20, na Jumatatu iliyofuata ndiyo iliyokuwa na bei ya chini kuliko zote. Meneja ambaye hakuhamia mkataba wa Juni mapema angeikabili siku hiyo bila kinga yoyote. Aidha, hesabu hairudii kuwa ile ile. Kapu sasa lina thamani ya kama dola 1,188,400 na mkataba mmoja ni 111,850. Kanuni ikirudiwa inatoa 6.4, kwa hiyo saba wamezidi na mmoja unapaswa kununuliwa tena ili ufutwe.

Halafu kuna fedha taslimu. Faida na hasara za mikataba hulipwa kila siku, ilhali faida ya hisa hubaki kwenye vitabu mpaka hisa ziuzwe. Machi 24 soko liliruka zaidi ya asilimia 9 kwa siku moja, kiasi cha pointi 210. Kwa mikataba sita hiyo ni kama dola 63,000 za kulipwa papo hapo, ingawa hisa zenyewe zimepanda na mfuko kwa jumla uko mbele. Asiye na akiba ya kuongezea dhamana, broka wake anaweza kuifunga mikataba kwa lazima.

Namna ya kujua kama kinga inafanya kazi ni kujumlisha, wiki baada ya wiki, faida na hasara ya hisa pamoja na ya mikataba, kisha kuilinganisha na mwendo wa faharisi. Matokeo yakiashiria beta ya karibu 0.6, mambo ni sawa. Yakionyesha 0.9, huenda beta ya awali ilikosewa au mchanganyiko wa hisa umebadilika. Ila kampuni moja ndani ya kapu ikifilisika kwa uzembe wa wakurugenzi wake huku soko likipanda, mikataba haitasaidia kitu, kwani inakinga mwendo wa soko zima tu.

Nairobi nayo ilifungua soko lake la mikataba ya aina hii, NEXT, Julai 2019, ikiwemo ya faharisi ya NSE 25. Kanuni haibadiliki, shilingi zinachukua nafasi ya dola na kizidisho kinasomwa kwenye masharti ya mkataba. Ugumu uko kwingine. Safaricom ina uzito mkubwa katika soko hilo, hivyo mwenye kapu la hisa za benki tupu anaweza kukuta faharisi na kapu lake vinaelekea pande tofauti. Na biashara ikiwa haba, muuzaji wa mikataba mingi kwa mkupuo huenda akaishusha bei yeye mwenyewe kabla hajafikisha idadi aliyoihesabu, kwa hiyo kiasi kinachouzwa kwa siku hutazamwa kabla ya kanuni kutumika.