Kilichoingia Kwanza au Kinachoisha Muda Kwanza?

Mzigo mpya ukifika stoo, swali ni moja: kipi kitoke kwanza? Wengi tumefundishwa kwamba kilichotangulia kuingia ndicho kitangulie kutoka. Hiyo ndiyo kanuni inayoitwa kwa kifupi FIFO. Ipo nyingine, FEFO, isemayo kwamba kinachokaribia kuisha muda wake ndicho kitoke kwanza, hata kama kimeingia jana. Siku nyingi kanuni hizi mbili hutoa jibu lile lile, ndiyo maana watu huzichanganya. Siku zinapotofautiana ndipo mali inapoharibika, na hakuna mahali jambo hili linapoonekana wazi kuliko kwenye stoo ya dawa.

Tuchukue mfano wa zahanati inayotumia pakiti 60 za dawa fulani kila mwezi. Tarehe 1 Machi stoo ina pakiti 240 ambazo muda wake unaisha mwishoni mwa Desemba. Siku hiyo hiyo zinaingia pakiti 200 nyingine, lakini hizi zinaisha muda mwishoni mwa Julai. Jambo hili ni la kawaida. Dawa hutoka kwa wasambazaji tofauti, na pengine kituo jirani chenye ziada huwagawia wenzake, kwa hiyo mzigo uliochelewa kuingia unaweza kuwa ndio uliotangulia kutengenezwa.

Mtunza stoo akifuata FIFO, ataanza na zile 240 za zamani. Zitamtosha Machi, Aprili, Mei na Juni. Julai ataanza kutoa mzigo wa pili, atatumia pakiti 60, na mwezi ukiisha atabaki na pakiti 140 ambazo hazifai tena kupewa mgonjwa. Atalazimika kuzitenga, kuziandikia ripoti na kusubiri ziteketezwe kwa utaratibu wa serikali. Wakati huo huo stoo yake haina pakiti nyingine hata moja, maana zile nzuri alikwisha kuzimaliza Juni.

Akifuata FEFO, ataanza na zile 200 zinazoisha Julai. Zitakwisha karibu tarehe 10 Juni, zaidi ya mwezi mmoja kabla ya muda wake. Kisha atageukia zile 240, ambazo zitampeleka hadi karibu tarehe 10 Oktoba, na Desemba bado iko mbali. Dawa ni zile zile na wagonjwa ni wale wale. Kilichobadilika ni mpangilio wa kutoa tu, na hakuna pakiti iliyopotea.

Hata hivyo, FEFO haiwezi kuokoa kila kitu. Tuseme mzigo wa Machi ungekuwa pakiti 400 badala ya 200. Kuanzia Machi hadi mwisho wa Julai zahanati inaweza kutumia pakiti 300 tu, kwa hiyo 100 zingeisha muda hata zikitangulizwa. Hesabu ya kugundua hilo ni rahisi, na inafaa kufanywa mzigo ukiwa bado mlangoni: gawa idadi ya pakiti kwa matumizi ya mwezi, kisha linganisha na miezi iliyobaki kwenye tarehe. Pakiti 400 ukizigawa kwa 60 unapata miezi karibu saba, na iliyobaki ni mitano. Hapo suluhisho ni kupokea kiasi kidogo au kuwapelekea wenzako ziada mapema, wakati dawa bado ina miezi ya kutumika. Kwa sababu hiyo mwongozo wa Shirika la Afya Duniani kuhusu misaada ya dawa unataka dawa zinazotolewa ziwe zimebakiza angalau mwaka mmoja zinapofika nchini.

Kwenye shelfu, FEFO inataka nidhamu ndogo ndogo. Andika tarehe ya kuisha muda juu ya katoni kwa maka peni, kwa herufi zinazosomeka ukiwa umesimama mbali. Dawa iliyoandikwa mwezi na mwaka tu hutumika hadi siku ya mwisho ya mwezi huo. Usiichanganye tarehe hiyo na ya kutengenezwa, ambayo mara nyingi huandikwa jirani yake. Mizigo yenye namba tofauti za toleo isichanganywe katika katoni moja, na kwenye kadi ya stoo kila toleo liandikwe pamoja na tarehe yake. Ukitaka kujua kama kanuni inafuatwa, chukua pakiti moja ya mbele na moja ya nyuma. Ikiwa ya nyuma ndiyo inayoisha mapema, kuna aliyejaza shelfu kwa mazoea.

Kuna pia wakati ambapo tarehe yenyewe haitoshi. Vichupa vingi vya chanjo vina alama ya duara yenye mraba mdogo ndani yake, na mraba huo hubadilika kuwa mweusi kadiri chanjo inavyopata joto. Kichupa ambacho mraba wake umeanza kuwa mweusi hutangulia kutumika, hata kama tarehe yake iko mbali kuliko ya vingine. Mraba ukifikia rangi ya duara, chanjo hiyo haitumiki tena. Muuza nyanya sokoni hufanya hivyo hivyo bila alama yoyote: zilizoiva zaidi huziuza kwanza, hata kama tenga lake lilishushwa leo asubuhi. Msingi wa FEFO ni uhai uliobaki ndani ya bidhaa, na tarehe ni njia mojawapo tu ya kuupima.

Sasa twende kwenye duka la vifaa vya ujenzi. Misumari, mabati, sufuria na vitasa havina tarehe ya kuisha, kwa hiyo FEFO haina cha kushika. Huko FIFO ndiyo inayofaa. Bati halikwishi muda, lakini likikaa miaka chini kabisa ya rundo hushika unyevu na kutoka madoa, maboksi huliwa na panya, na kitasa cha muundo wa zamani hukosa mnunuzi. Kutoa cha zamani kwanza huhakikisha hakuna kinachosahaulika nyuma ya stoo.

Saruji inakaa katikati ya makundi haya mawili. Ni bidhaa kavu, lakini hunyonya unyevu wa hewa kupitia mfuko na kupoteza nguvu. Ushauri wa kawaida ni kuitumia ndani ya miezi mitatu hivi. Mafundi huipima kwa vidole: bonge linalovunjika kwa kubonyezwa si tatizo kubwa, lakini gumu kama jiwe linaonyesha kwamba saruji imekwisha kuganda. Mifuko ipangwe juu ya mbao, mbali na ukuta, na FIFO ifuatwe kwa tarehe ya kufungashwa kiwandani, kwa kuwa mifuko uliyonunua leo kwa jumla huenda ilifungashwa kabla ya ile uliyo nayo dukani.

Kwa hiyo, kama bidhaa ina tarehe ya kuisha au huharibika upesi, iwe dawa, maziwa, unga wa lishe au nyama, fuata FEFO bila kujali iliingia lini. Kama haina, fuata FIFO. Na kama hujui stoo yako imesimama wapi, anza leo kwa kusoma tarehe za vitu vilivyo nyuma kabisa ya shelfu.